Sura ya Nne: Hofu Hubaki Nyuma

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Judson Brown, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwa panya na kamba. Alitengeneza ujia mwembamba wenye urefu wa kama mita mbili, akawafundisha panya wenye njaa kuukimbia hadi mwisho, ambako walikuta chakula. Panya wengine aliwafundisha kinyume chake. Hao walipigwa shoti ya umeme kwenye mwisho ule ule, wakajifunza kuondoka pale mbio. Kila panya alivikwa mkanda mwilini, na mkanda ukaunganishwa kwa kamba na kifaa cha kupima nguvu ya kuvuta. Baada ya hapo Brown alikuwa akiwasimamisha kidogo njiani, mara sentimita 30 kutoka kule mwisho, mara sentimita 170, ili aone kila mnyama anavuta kwa nguvu kiasi gani. Wakati wa kupima, umeme ulikuwa umezimwa.

Panya wenye njaa walivuta kuelekea chakula kwa takriban gramu 56 walipokuwa karibu, na gramu 41 walipokuwa mbali. Nguvu ilipungua, lakini si sana. Wale waliopigwa shoti kali, waliposimamishwa karibu, walivuta kukimbia kwa karibu gramu 200, yaani zaidi ya mara tatu ya nguvu ya mwenye njaa. Waliposimamishwa mbali, mvuto wao ulikuwa gramu 2.

Ukiwa umesimama karibu na ule mwisho wa ujia, ungeapa kwamba hofu ndiyo injini kubwa kuliko zote, na kwa pale ulipo ungekuwa sahihi. Sogea karibu mita moja na nusu uone kilichobaki. Mnyama aliyekuwa anakaribia kukata kamba kwa kukimbia sasa amesimama tu, hana pa kwenda, hana kinachomsukuma. Mwenye njaa, huku nyuma, bado anavuta.

Maelezo ya tofauti hiyo yalikuwa yametolewa miaka minne kabla na Neal Miller wa Chuo Kikuu cha Yale, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa maelezo mazuri zaidi katika saikolojia nzima ya karne iliyopita. Njaa, alisema Miller, imo ndani ya mnyama. Akiwa mbali na chakula au karibu nacho, tumbo ni lile lile, na analibeba kila aendako. Hofu aliyojifunza panya, kwa upande mwingine, huamshwa na vitu vya mahali pale: kuta zile, mwanga ule, harufu ile. Akiondoka, anaviacha vitu hivyo, na hofu inabaki navyo. Kwa hiyo kinachomsukuma anayekimbia kinapungua kwa kila hatua anayofanikiwa kukimbia. Mafanikio yake yenyewe ndiyo yanayomlegeza.

Sasa tuwaache panya. Watu hawavikwi mikanda, na hofu yetu inaweza kuamshwa na wazo tu, bila ukuta wala harufu. Lakini umbo la ule mteremko utalitambua. Mtu ametoka kwa daktari akiwa ameambiwa sukari yake imeanza kupanda. Jioni ile hagusi soda, na wiki ile hata chai anakunywa bila sukari. Baada ya miezi miwili kipimo kimeshuka, mwili hauumi popote, karatasi ya hospitali iko chini ya nguo kabatini, na kwenye harusi ya binamu kuna kreti la soda baridi mezani. Hajasahau alichoambiwa na daktari. Ila nguvu iliyokuwa ikimvuta mbali na soda ilikuwa nguvu ya ule ukaribu na hatari, na sasa yuko mbali nayo.

Wanasaikolojia wanagawa malengo ya watu katika makundi mawili kwa kufuata upande yanakoelekea. Lengo la kuendea lina kitu mbele yake ambacho mtu anataka kiwepo: kumudu kukimbia kilomita tano, kujaza ghala, kumaliza kusoma juzuu. Lengo la kuepuka lina kitu ambacho mtu anataka kisiwepo: kutonenepa, kutofeli, kutogombana na mke. Andrew Elliot wa Chuo Kikuu cha Rochester ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kwenye mgawanyo huu. Katika kazi zake za miaka ya 1990 pamoja na Kennon Sheldon, watu waliokuwa na orodha iliyojaa malengo ya kuepuka walielekea kuona maendeleo madogo zaidi na kuridhika kidogo zaidi na hali yao kadiri wiki zilivyopita.

Lakini utafiti wenye takwimu zinazoeleweka haraka zaidi ulitoka Uswidi. Mwishoni mwa mwaka 2016 watafiti wa huko, akiwemo Per Carlbring wa Chuo Kikuu cha Stockholm, waliwaandikisha watu 1,066 waliokuwa wakiweka maazimio ya mwaka mpya, wakawafuatilia mwaka mzima. Maazimio mengi yalikuwa yale yale tunayoyajua wote: afya, uzito, chakula. Kila azimio liliwekwa katika kundi lake, la kuendea au la kuepuka. Mwaka ulipokwisha, kati ya wenye malengo ya kuendea, asilimia 58.9 walijihesabu kuwa wamefaulu. Kati ya wenye malengo ya kuepuka, ni asilimia 47.1.

Takwimu hizo zinahitaji kushikwa kwa mkono mwepesi. Wahusika walijipima wenyewe, na kila mtu alichagua azimio lake, kwa hiyo inawezekana kwamba wanaochagua kuacha kitu wana kazi ngumu zaidi tangu mwanzo. Kuacha sigara na kuanza kutembea jioni si mizigo ya uzito mmoja. Hata hivyo pengo la karibu pointi 12 linakwenda sambamba na mambo mengine tunayoyajua kutoka maabara, ambako watafiti, si washiriki, ndio waliopanga nani afanye nini.

Jaribio mashuhuri zaidi la aina hiyo ni la Daniel Wegner na wenzake, mwaka 1987. Wanafunzi waliketi mmoja mmoja chumbani kwa dakika tano, wakisema kwa sauti kila kilichowapitia akilini. Baadhi yao walipewa sharti: usimfikirie dubu mweupe, akikujia, gonga kengele. Kengele ziligongwa, tena na tena. Kilichomshangaza Wegner zaidi kilitokea baadaye, pale wanafunzi hao waliporuhusiwa kumfikiria dubu watakavyo. Walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao walikuwa wameruhusiwa tangu mwanzo. Marufuku ilikuwa imemkuza dubu.

Sababu aliyoitoa baadaye ni rahisi kuielewa. Ili kuhakikisha hufikirii jambo, sehemu fulani ya akili lazima ibaki macho ikikagua kama jambo hilo limekuja. Na ili ikague, lazima ikumbuke inatafuta nini. Kwa hiyo mlinzi wa mlango anashinda na picha ya mwizi mkononi mchana kutwa. Ukiwa umepumzika vizuri, unamudu kazi zote mbili, kuliepuka jambo na kukagua. Ukichoka, ukiwa na njaa au mawazo mengi, nguvu ya kuepuka inaishiwa, lakini ukaguzi unaendelea. Ndiyo maana aliyeapa kutokula vitumbua anaviona kila kona saa kumi na moja jioni, wala si saa mbili asubuhi.

Watu wengi wanaosimulia habari ya dubu huishia hapo, na wanaacha sehemu yenye manufaa zaidi. Katika jaribio la pili, Wegner aliwapa baadhi ya wanafunzi kitu cha kushika badala yake: dubu akija, ufikirie Volkswagen nyekundu. Waliopewa gari hilo hawakupata lile wimbi la dubu baadaye kama wenzao. Sharti la kutomfikiria dubu lilikuwa lile lile, isipokuwa safari hii akili ilikuwa na mahali pa kwenda.

Marieke Adriaanse na wenzake nchini Uholanzi walipeleka wazo hilo jikoni. Mwaka 2011 walichapisha utafiti uliolinganisha namna za kupanga jinsi ya kuacha vitafunwa visivyofaa. Mpango wa aina ya kwanza ulikuwa: nikijisikia mpweke, sitakula chokoleti. Wa aina ya pili: nikijisikia mpweke, nitakula tunda. Mipango ya kukataza ilishindwa vibaya kuliko ile ya kubadilisha, na hata ilielekea kuimarisha tabia iliyokusudiwa kuvunjwa. Ukitazama sentensi ile ya kwanza utaona kwa nini. Inauunganisha upweke na chokoleti kwa mara nyingine, na kila unapoirudia unaufunga uzi huo upya.

Sasa, msomaji mjanja atasema: basi nitayageuza maneno tu. Badala ya «kutonenepa» nitaandika «kubaki mwembamba». Badala ya «kuacha madeni» nitaandika «kuishi huru bila madeni», nibandike ukutani. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na wauza vitabu vya hamasa wana sehemu yao ya lawama. Sentensi ya kukubali si lazima iwe lengo la kuendea. Kubaki mwembamba ni kutonenepa kulikovaa kanzu.

Kipimo cha kuzitenganisha kipo, nacho kilitungwa na Ogden Lindsley mnamo 1965 kwa ajili ya walimu waliokuwa wakiandika malengo ya wanafunzi wasumbufu. Kinaitwa kipimo cha maiti. Jiulize kama maiti anaweza kulitimiza lengo lako. Kukaa kimya darasani? Maiti anaweza. Kutopiga wenzake? Maiti ni bingwa. Kuishi bila deni jipya, kutokunywa soda, kubaki mtulivu mbele ya mkwe: yote hayo maiti atakushinda. Lindsley alisema kwamba kama maiti anaweza kulifanya jambo hilo, basi si tendo, na mwalimu hawezi kufundisha wala kusifu kitu ambacho si tendo. Kujibu maswali matatu darasani, maiti hawezi. Kuweka shilingi elfu tatu kwenye kibubu, hawezi.

Ninakipenda kipimo hiki kwa sababu kinagusa tatizo la kila siku ambalo nadharia hulipita haraka. Mtu mwenye lengo la kuepuka anajuaje jioni kwamba leo amefanikiwa? Lazima atafute kitu ambacho hakikutokea. Akikipata, anachokisikia ni nafuu tu, ile ya kupumua baada ya gari kukupita karibu. Charles Carver na Michael Scheier, waliochunguza kwa miaka mingi jinsi hisia zinavyofuata malengo, waliona kwamba maendeleo ya kuendea huleta furaha na shauku, ilhali maendeleo ya kuepuka huleta utulivu tu. Utulivu ni mzuri, lakini hakuna aliyeamka alfajiri kwa hamu ya kuutafuta tena. Unakuambia kazi imekwisha.

Hata kugeuza lengo liwe tendo hakutoshi, kama tendo hilo halichukui nafasi ya lile la zamani. Mwaka 1973 Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walieleza njia ya kutibu watu wenye mazoea ya mwili wasiyoweza kuyaacha, kama kung'ata kucha au kutikisa bega bila kukusudia. Hawakuwaambia waache. Waliwafundisha kwanza kutambua dakika ile mkono unapoanza kupanda kuelekea mdomoni, kisha kufanya hapo hapo kitendo kisichoweza kwenda pamoja na kile, kwa mfano kukunja ngumi au kushika kitu kwa nguvu, kwa kama dakika tatu. Njia hiyo inatumika hadi leo. Siri yake ni mahali na wakati. Kitendo kipya kimekaa kwenye kiti kile kile cha zamani, saa ile ile, kikitumia mkono ule ule. Mwenye kung'ata kucha angeambiwa aanze kupanda maua Jumamosi, lingekuwa lengo zuri la kuendea, na kucha angeendelea kuzila Jumatatu.

Kabla ya kuingia kwenye mfano, ni haki kusema hofu inapofaa, maana baadhi ya waandishi huitukana kana kwamba haina kazi. Kumbuka gramu 200. Pale hatari ilipo karibu na muda ni mfupi, hakuna lengo la kuendea litakalofikia nguvu hiyo. Dereva wa basi kwenye mteremko wa milima, muuguzi anayehesabu dozi ya mtoto, fundi umeme juu ya nguzo: hao nawatakia malengo ya kuepuka, tena makali.

Marufuku iliyo wazi nayo ina faida yake mwanzoni mwa kuacha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la wavutaji 697 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine waache sigara siku moja kwa mkupuo, wengine wapunguze polepole kwanza kwa wiki mbili. Baada ya wiki nne, waliokata mkupuo asilimia 49 walikuwa hawavuti, dhidi ya 39.2 ya waliopunguza. Wote hawa walipata pia dawa za nikotini na ushauri, yaani mikono yao haikuachwa mitupu. Kufikia mwezi wa sita idadi ilikuwa imeshuka katika makundi yote mawili, hadi 22 na 15.5. Mstari mwekundu ulisaidia kuanza, na bado wengi walirudi.

Kuna mpaka mwingine unaotuhusu sisi zaidi. Mwaka 2001 Elliot na wenzake walirudia maswali yao nje ya Marekani, huko Korea Kusini na Urusi. Marekani, malengo mengi ya kuepuka yaliandamana na hali duni ya moyo, kama kawaida. Korea na Urusi, hayakuandamana nayo. Watafiti walidhani kwamba mahali ambapo mtu anajiona kwanza kama sehemu ya jamaa, kutoharibu, kutowaaibisha wazazi na kutovunja maelewano ni malengo yenye heshima, na aliyenayo hayabebi peke yake. Sina sababu ya kuamini kwamba sisi wa pwani na wa bara tuko karibu zaidi na Rochester kuliko Seoul. Mtoto aliyelelewa kwa «usituaibishe» pengine hateseki nalo kama vitabu vya Kimarekani vinavyotabiri. Ila utafiti huo ulipima hali ya moyo. Haukupima kama azimio linadumu, na juu ya kudumu nabaki na wale panya.

Mfano wetu uwe wa mama lishe mmoja jijini Dar es Salaam, wa kutunga, ingawa hesabu zake wengi watazitambua. Anapika wali, maharage na mboga kwa mafundi wa jengo jirani. Mtaji ukikatika huchukua mkopo wa kausha damu: anapokea 100,000, anarejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Jumla analipa 135,000. Saa kumi jioni kijana wa marejesho anapita na daftari lake. Siku ya mvua, mafundi wasipokuja, anasimama pale pale na kusubiri, na majirani wanaona.

Siku ya rejesho la mwisho mama anaapa: sikopi tena. Anamaanisha kila neno, kwa sababu amesimama sentimita 30 kutoka kwenye umeme. Siku ya kwanza bila kijana wa daftari ni tamu. Ya pili pia. Kufika wiki ya tatu, saa kumi jioni imekuwa saa ya kawaida, na 4,500 zilizokuwa zikienda kwa kijana zimeyeyuka ndani ya matumizi bila kuacha alama. Hapo ndipo mafundi wanapochelewa kulipwa, wanakula kwa mkopo, na mama anahitaji 80,000 ili apike wiki inayofuata. Namba ya mkopeshaji iko kwenye simu. Hofu iliyopaswa kumzuia ina gramu 2.

Atakopa, na jamaa watasema hana adabu ya fedha. Tatizo, kwa kweli, ni kwamba kiapo chake hakikuwa na jibu la swali la asubuhi ile: mchele utanunuliwa na nini? Mkopo, pamoja na ubaya wake wote, ulikuwa unafanya kazi. Ulikuwa unajaza pengo la mtaji. Lengo lolote litakaloungoa lazima lifanye kazi hiyo hiyo, kama vile ngumi iliyokunjwa inavyofanya kazi kwenye mkono ule ule.

Kwa hiyo tuliandike upya: kuwa na shilingi 200,000 za kununulia bidhaa, zikae kando na fedha za nyumbani. Maiti hawezi kulitimiza. Na tendo la kila siku tayari analijua, maana amelifanya siku 30 mfululizo bila kukosa: saa kumi jioni, anatoa 4,500. Kijana wa daftari aliacha pengo kwenye saa ile, nalo lijazwe siku inayofuata rejesho la mwisho, kabla matumizi hayajaliona. Zinakwenda kwenye kibubu, kwenye akaunti ya simu ambayo hailipii matumizi mengine, au kwa mtunza hazina wa kikoba anayemwamini. Daftari sasa ni la kwake.

Siku ya 18 ana 81,000. Lile pengo la 80,000 lililomrudisha kwa mkopeshaji tayari lingezibika, ingawa hajafika hata nusu ya lengo. Siku ya 45 ana 202,500. Na katika siku zote hizo kila jioni ina jibu lake: jana zilikuwa 58,500, leo ni 63,000. Hatafuti kitu ambacho hakikutokea.

Lengo la kuendea lina ugonjwa wake pia, na huja siku linapotimia. Laki mbili zimefika, na kitu kilichokuwa mbele sasa kiko mkononi. Zikikaa tu, zitakuwa fedha za kulindwa zisiishe, na kulinda zisiishe ni kuepuka. Ni vyema kabla ya siku ya 45 awe ameshaamua zitaendea nini. Pengine kununua mchele kwa gunia badala ya kilo, na ile tofauti ya bei iingie kwenye lengo linalofuata, labda sufuria kubwa na jiko la pili.

Tuseme lakini hafiki huko bila kuyumba. Siku ya 25 ana 112,500, mtoto anaugua, na matibabu yanachukua 90,000. Zinabaki 22,500. Kwa aliyeapa kutokopa, kuteleza kokote ni kuvunja kiapo kizima, na watafiti wa ulevi na wa chakula wameona mara nyingi kinachofuata: mtu akishavunja, anasema potelea mbali, anamalizia chupa. Aliyeapa hana nusu. Mwenye daftari ana 22,500, ana saa kumi jioni ya leo, na ana hesabu ambayo anaweza kuifanya mwenyewe: kurudisha 90,000 kwa 4,500 kwa siku ni siku 20. Kiasi hicho hicho kwa masharti ya kausha damu kingekuwa 121,500, siku 27.